Risala ya Kamati ya Kivuko kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi mlioambatana naye, walimu, wazazi na wanafunzi,

Karibuni. Mmefika kwetu kwa kuzunguka mbali, kwa kuwa kivuko cha kamba hakipo tena. Risala hii inaeleza kilivyoanguka.

Asubuhi ile mto ulikuwa umefura hadi maji yakalamba mbao za kukanyagia. Watu 11 walikuwa juu, watano wao wanafunzi wa shule hii. Gogo likaja likanasa kwenye mbao, na matawi yakarundikana nyuma yake kama ukuta. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, msukumo wake huwa mara nne, na ukuta ule ukayapa maji pa kusukuma. Kamba za chuma hazikukatika. Iliyong'oka ni nguzo ya ng'ambo pamoja na msingi wake. Kamba zikalegea, sakafu ikapinduka ubavu.

Mheshimiwa, msingi ule tulikuwa tunaujua. Mvua za mwaka uliotangulia zilipokwisha, fimbo ilizama chini ya zege kina cha mkono mzima bila kugusa udongo. Nyuma ya nguzo ardhi ilikuwa na ufa mpya, na kamba ya upande mmoja ilining'inia kuliko mwenzake. Tuliandikia ofisi husika barua mbili. Barua ya kwanza ilileta mkaguzi, akatazama kamba na mbao, akaviona vizima. Chini ya msingi hakushuka. Ya pili haikujibiwa. Nasi hatujitakasi: tulijaza shimo kwa mawe ya kubebeka mkononi, mto nao ukayabeba. Kibao cha watu watatu kwa zamu tulikisimamisha, msimamizi hatukumweka.

Waliookoa ni wanakijiji. Wengi tulikimbilia pale kivuko kilipoanguka, lakini mzee mmoja mvuvi akapaza sauti: "Kwenye kona! Mto utawaleta kwenye kona!" Kweli, maji hutupa vinavyoelea upande wa nje wa kona. Vijana wakafunga madumu matupu, vifuniko vimekazwa, kwenye kamba za ng'ombe, wakayarusha mbele ya kila aliyekuja, ayakute njiani. Hakuna aliyejifunga kamba kiunoni, kwa maana mkondo ukimkaza mtu kwenye kamba humzamisha. Wanne walishikilia kamba za kivuko hadi wakafikiwa, sita wakatolewa konani. Mmoja, mama wa watoto wawili, tulimpata siku ya pili akiwa amefariki.

Mheshimiwa, kivuko kipya kikijengwa, tunaomba misingi ishuke hadi kwenye mwamba, au ikingwe kwa mawe mazito yaliyofungwa ndani ya nyavu za chuma. Tunaomba pia ukaguzi ufanyike maji yanapopungua baada ya kila mafuriko, na mkaguzi ashuke mtoni pamoja nasi. Fimbo tunayo.

Tunaomba kuwasilisha.