Picha yako haikufika, au ilifika ikaondolewa? Soma kabla hujatudai hela

Kila wiki kuna mteja anayetupigia simu akiwa amepandisha sauti: "Nimewalipa mniwekee picha za bidhaa, mbona hazionekani? Mmenipiga." Tunamwelewa, maana hela yake ameitolea jasho. Ila tukishika simu yake na kuangalia, mara nyingi tunakuta moja kati ya mambo mawili ambayo hayana uhusiano wowote. Ama picha haikumaliza kupanda, yaani haikuwahi kuufikia mtandao husika hata kwa dakika moja. Ama ilipanda vizuri, ikapokelewa, kisha wenye mtandao wakaikataa au wakaiondoa kwa sababu inavunja masharti yao. Kwa macho ya mnunuzi hali zote mbili ni nafasi tupu. Kwa sisi tunaoshughulika nazo, dawa ya moja ni sumu kwa nyingine.

Tuanze na mama mmoja anayeuza vifaranga na vifaa vya kufugia kuku, maana kwenye katalogi yake ya WhatsApp Business tulikuta yote mawili siku moja. Tulimpigia picha chakula cha kuku, vyombo vya kunyweshea maji, mabanda ya waya na taa za kulelea, tukaziweka. Baadaye mpwa wake akaongeza bidhaa tatu mwenyewe ili kuokoa gharama: vifaranga wa kienyeji, vifaranga wa kisasa na chombo kikubwa cha maji. Wateja wakaanza kumwuliza mama, "Vifaranga viko wapi? Mbona hatuvioni?" Akafungua katalogi kwenye simu yake, akaona picha zote zipo. Akaamini kwamba sisi tumezificha ili alipie tena.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Simu ya mwenye duka siyo shahidi mzuri. Programu inaweza kukuonyesha picha iliyo kwenye simu yako mwenyewe wakati bado haijafika popote. Na bidhaa iliyokataliwa pia inabaki kwenye orodha yako wewe mwenye akaunti, ila mnunuzi haioni. Kwa hiyo kitu cha kwanza tunachofanya ni kufungua duka lako kwa namba nyingine, simu nyingine. Hiyo inatuambia tatizo lipo. Haituambii bado ni tatizo gani.

Linalotuambia ni alama. Bidhaa mbili za vifaranga zilikuwa na alama nyekundu ya mshangao kando yake. Hiyo ni lugha ya WhatsApp ya kusema: tumeipokea, tumeikagua, tumeikataa. Kila bidhaa unayoingiza kwenye katalogi hupitia ukaguzi kabla wateja hawajaiona, na masharti yao ya biashara yanakataza kuuza wanyama walio hai, mifugo ikiwemo. Marketplace ya Facebook nayo inakataza. Mama alishangaa sana, kwa sababu kifaranga ni biashara halali hapa kwetu na ana leseni yake ukutani. Ni kweli ni halali, lakini masharti ya mtandao siyo sheria za nchi. Wenye mtandao wana orodha yao ya vitu wasivyotaka viuzwe kwao, na humo zimo pia sigara, pombe na dawa za hospitali.

Kile chombo kikubwa cha maji hakikuwa na alama yoyote ya kukataliwa. Kwenye simu ya mama kilionekana, kwenye simu yetu hakikuwepo. Tulipomuuliza kijana alikiweka lini, akasema usiku, bando lilikuwa linaishia, na alipoona kiduara kinazunguka akaifunga programu akalala. Picha ile ilikatikia njiani.

Niwaeleze kidogo kupanda kwa picha kulivyo, kwa sababu wateja wengi hutuambia, "Mtandao wangu uko vizuri, naangalia video bila kukwama." Kuangalia video ni kushusha. Kuweka picha ni kupandisha, na kwa kawaida njia ya kupandisha ni nyembamba kuliko ya kushusha. Chukua picha ya megabaiti 4, ukubwa wa kawaida kwa kamera za simu za sasa. Hizo ni megabiti 32. Kama spidi yako ya kupandisha ni nusu megabiti kwa sekunde, na maeneo mengi jioni inashuka hapo, picha hiyo moja inahitaji sekunde 64 bila kukatika. Sasa wewe umechagua picha kumi, umezima kioo ukaweka simu mfukoni, na umewasha hali ya kubana chaji au kubana data, ambayo inazuia programu kutumia intaneti zikiwa nyuma. Kazi haiwezi kuisha. Upande wa pili, WhatsApp, Instagram au Facebook hawatangazi nusu ya picha. Wanasubiri ifike yote, ndipo wanaipa namba yake na linki yake.

Hiyo linki ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Chapisho la Instagram au Facebook lililowahi kuwa hewani linaacha nyayo: lilikuwa na linki, labda kuna mtu aliipenda, kuna aliyekutumia ujumbe "hii bei gani?", kuna aliyelishirikisha kwa rafiki. Picha ambayo haikumaliza kupanda haina hata kimoja cha hivyo. Kwa hiyo tunapokuuliza, "Kuna mtu yeyote aliwahi kuiona?", tusieleweke kama tunakukwepa. Jibu lako linatufikisha nusu ya safari. Kama dada yako aliyeko Mwanza aliipenda asubuhi na jioni haipo, hiyo ilifika. Kuna aliyeiondoa: wenye mtandao, au mtu mwingine mwenye neno lako la siri. Na kama ilikuwa kwenye status ya WhatsApp, hakuna aliyeiondoa, zile hutoweka zenyewe baada ya saa 24. Tumeshalaumiwa hata kwa hilo.

Picha ikiondolewa kwa masharti, huwa kuna taarifa. Instagram wanaiweka kwenye `Account Status` ndani ya mipangilio, Facebook kwenye `Support Inbox`. Picha iliyokwama haina taarifa humo kabisa. Kwenye Instagram utaiona juu ya ukurasa wa mwanzo ikisubiri, na sehemu ya kujaribu tena. Tafadhali sana, ukikuta taarifa ya kuondolewa, ipige skrinshoti kabla hujagusa kitu kingine. Wateja wanaifunga kwa hasira, halafu wanatuletea simu wakisema "iliandika kitu kwa Kiingereza." Yale maneno ndiyo yanayosema sharti gani limevunjwa.

Sasa njia za mkato, maana ndizo zinazotuletea kazi kubwa kuliko tatizo lenyewe.

Mpwa wa mama alipoona vifaranga havionekani, alidhani ni intaneti. Akavifuta akaviweka tena. Vikakataliwa. Akaviweka tena kwa jina "mapambo ya shamba". Vikakataliwa. Picha iliyokwama ndiyo inayorudiwa. Picha iliyokataliwa ukiirudia, tena kwa jina la uongo, unajenga kumbukumbu ya mtu anayevunja masharti kwa makusudi, na WhatsApp wanaweza kuibana akaunti ya biashara inayorudia makosa. Facebook kosa la kwanza kwa kawaida ni onyo, lakini yakirundikana unaanza kuzuiwa kuchapisha, siku 1, siku 3, mpaka siku 30, na makosa mengi hukaa kwenye rekodi yako mwaka mzima. Mtu anayefungwa siku 30 msimu wa sikukuu anapoteza mauzo ambayo ni mara nyingi ya ada yetu.

Upande wa pili kuna mteja aliyekwamiwa tu na intaneti, akashauriwa na jirani "futa programu uipakue upya". Muuza madera mmoja alifanya hivyo Instagram. Rasimu zake zote, na maelezo na bei alizoandika usiku kucha, zilikuwa zimehifadhiwa kwenye simu tu. Zikaenda na programu. Kwa kuwa alikuwa ameshafuta picha halisi ili kupata nafasi, ikabidi tupige upya mzigo mzima. Alilalamika bei. Lakini madera yale tuliyapanga, tukayapiga pasi, tukayapiga picha moja moja kwa mwanga wa dirisha, kama mara ya kwanza. Kazi ni ileile na bei ni ileile.

Kuna pia fundi wa samani wa Keko aliyeletewa taarifa kwamba picha yake ya sofa imeondolewa kwa malalamiko ya hakimiliki. Alisema sofa ni lake, amelitengeneza kwa mikono yake. Sofa ni lake, sawa. Picha aliichukua kwenye ukurasa wa kampuni ya nje, kwa sababu lilikuwa linafanana na la kwake na limepigwa vizuri. Taarifa za namna hii huja na namba ya malalamiko na mawasiliano ya aliyelalamika, na hapo kuomba mtandao ukague upya hakusaidii kama picha kweli siyo yako. Tulikwenda karakana kwake tukalipiga sofa lake halisi. Mishono yake ilikuwa mizuri kuliko ya ile picha.

Kukata rufaa kuna mahali pake. Kwenye katalogi ile ile ya mama, mfuko wa chakula cha kuku uliwahi kukataliwa. Mfuko ule umechapwa picha kubwa ya jogoo, na inaelekea ukaguzi ulimwona jogoo haukuuona mfuko. Chakula cha mifugo hakikatazwi. Tukagusa bidhaa, tukachagua `Request another review`, tukaeleza kwa sentensi moja kwamba kinachouzwa ni chakula na siyo ndege, ikakubaliwa. Kwa vifaranga hatukuomba, kwa sababu hapo waliamua kwa usahihi kulingana na masharti yao. Tulivitoa. Mama anaviuza kwa bango la dukani na kwa oda za simu, na katalogi inabaki ya vifaa na chakula. Chombo cha maji tulikipunguza ukubwa wa picha hadi chini ya megabaiti 1, tukakipandisha asubuhi tukiwa tumeacha programu wazi, kikapita ukaguzi na kuonekana kwenye simu ya pili.

Kuhusu hela, utaratibu wetu ni huu. Ukaguzi ni shilingi 5,000, na unaulipia kwa sababu kufungua akaunti, kulinganisha kwenye simu mbili na kusoma taarifa ni kazi. Tukikuta picha tuliyoweka sisi haikumaliza kupanda, tunaipandisha bure na ile 5,000 tunakurudishia. Tukikuta imeondolewa kwa masharti, tunakuonyesha sharti lenyewe kwenye simu yako mwenyewe, na kama lina hoja ya kukatiwa rufaa tunaiandika ndani ya ada hiyo hiyo. Bidhaa ambayo mtandao hauiruhusu tutakuambia kabla hatujatoa kamera kwenye begi. Njoo na simu yenye akaunti, usifute chochote, na usimpe mtu neno lako la siri, hata sisi. Utaliandika mwenyewe tukiwa pamoja mezani.