Barua kwa binti ami aliye Lamu: kofia isionekane kabla ya sekunde ya ishirini

Binti ami mpenzi,

Nimeitazama mara tatu ile video yako ya kufungua mzigo. Kofia ya viua uliyoichagua ni nzuri mno, lakini inatokea baada ya dakika moja na nusu, ilhali picha ya jalada imekwisha kuionyesha, kwa hiyo mtazamaji anangojeshwa kitu ambacho tayari amekiona. Jalada na liwe boksi lililofungwa, basi.

Hamu ya kutazama huletwa na swali moja ambalo kila sentensi inalisogeza karibu na jibu. Salamu ndefu na historia ya duka hazilisogezi, hata ukizisema kwa ufasaha. Ukiwa na shaka na sentensi, iondoe, kisha usome zilizobaki: kama fumbo halikupungua, haikuhitajika.

Mimi ningeanza na boksi mezani, mkono wako ukiwa juu yake: “Kilichomo humu kimeshonwa kwa sindano, kwa miezi mitatu, na mtu mmoja.” Taja muda wa kweli aliokwambia fundi, maana mnunuzi anaweza kumuuliza. Kisha nyamaza, ukate utepe, sauti ya wembe isikike. Zima feni kabla ya kurekodi, kwani mvumo wake huimeza sauti hiyo. Utepe uwe umeukata nusu tangu awali kwa upande usioonekana, usije ukang’ang’ana nao mbele ya kamera. Karatasi ya ndani iwe moja tu, kwani ya pili huchosha. Ukiishika ncha yake, sema: “Hukunjwa ikawa bapa, na jua likiwa kali hupitisha upepo.” Dokezo hili limekaribia zaidi kuliko la kwanza, ila halijataja kichwa; ukikitaja, fumbo limekwisha.

Sasa funua, wala usiseme neno. Inyanyue kofia mbele ya dirisha, mwanga upenye kwenye vile vitundu vilivyozungushiwa uzi, na uiache hapo kwa sekunde tatu nzima. Hapo ndipo mtazamaji anapoiona kazi ya sindano kwa macho yake, na maneno yoyote yangemwondoa hapo.

Baada ya hapo taja mzunguko wake kwa sentimita, bei, na namna ya kuagiza, kisha ukome. Mnunuzi wa kofia huogopa kuletewa isiyomwenea, kwa hiyo kipimo kitangulie bei.

Maneno ya kabla ya kufunua hayazidi ishirini na tano, nayo yanaenea vizuri katika sekunde ishirini pamoja na ukimya wake. Yasome kwa sauti, saa ikiwa mkononi, kabla hujafunga boksi. Ukizidisha, punguza maneno, usiharakishe ulimi. Nitumie sauti hiyo kwanza, niisikilize huku Malindi kabla hujawasha kamera.

Nduguyo