Wafuasi wapo, wanunuzi hawapo: jibu kwa dada wa sabuni wa Tabata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niijibu barua ya dada wa Tabata anayetengeneza sabuni za mkono, na mwishoni nami niwaombe wasomaji ushauri kuhusu jambo moja linalotokana na majibu hayo. Nimo katika biashara hiyo hiyo, nauzia Sinza, na swali lake nalisikia karibu kila anapoingia mtu mpya katika kazi hii.

Kwa ambao hawakuisoma barua yenyewe, dada alieleza kwamba ukurasa wake wa Instagram una miezi miwili na wafuasi 2,400, ambao wengi aliwapata kwa shindano la zawadi na kwa kufuatana na kurasa za watengeneza sabuni wenzake. Picha zake hupendwa na mamia ya watu, lakini ameuza vipande 7 tu, na 5 kati ya hivyo vilinunuliwa na ndugu zake. Kipande cha gramu 100 anakiuza shilingi 4,500. Anasema watu 38 wamewahi kumuuliza bei kwa ujumbe, naye huwajibu "4,500, usafiri juu yako", kisha wananyamaza. Anauliza kama ashushe bei au alipie matangazo. Mdogo wangu, kwa sasa usifanye lolote kati ya hayo mawili, kwa sababu yote mawili yanatibu mahali pasipouma.

Anza kwa kuwatazama hao 2,400 ni akina nani. Ikiwa akaunti yako umeiweka kuwa ya biashara, fungua Insights, ingia kwenye wafuasi, utazame sehemu iliyoandikwa Top locations. Wewe mwenyewe umeandika kwamba miji ya juu kwako ni Nairobi na Lagos, na Dar es Salaam inakuja ya tatu. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya watu hao hawawezi kukununulia hata wakitaka, kwa kuwa hakuna atakayelipia mzigo wa kuvuka mpaka kwa ajili ya sabuni ya kuogea. Wengi wao ni watengenezaji kama wewe. Wanakupenda kwa dhati na wanafurahia mistari ya rangi uliyoichora ndani ya sabuni, lakini nyumbani kwao kuna rafu nzima ya sabuni zao.

Lile shindano nalo lina sehemu yake. Ulisema mtu awatagi marafiki watatu na akufuate ili apate nafasi ya kushinda boksi la sabuni, kwa hiyo waliokuja walikuja kutafuta cha bure, na marafiki waliotagiwa walikuja kumsaidia mwenzao ashinde. Hakuna kati yao aliyewahi kujiuliza kama ngozi yake inahitaji sabuni yako. Ukitaka kushindanisha tena, zawadi iwe kwa mtu aliyekwisha kununua, kwa mfano kila anayetuma picha ya sabuni yake ikiwa bafuni aingie kwenye droo. Wafuasi utakaowapata kwa njia hiyo watakuwa wachache mno, lakini watakuwa wanunuzi au jirani za wanunuzi.

Picha zenyewe zinavuta watu hao hao. Nimeuona mtindo huu katika kurasa nyingi za wanaoanza: waya unakata tofali la sabuni polepole, rangi zinatokeza, na maelezo chini yake yanataja asilimia ya mafuta ya nazi na mawese. Hayo ni mazungumzo ya mafundi. Mama wa Kimara anayetafuta sabuni ya kuogea anataka kujua inanukia nini, inafaa ngozi kavu au ya mafuta, inaweza kuogea mtoto, inakaa muda gani, ni shilingi ngapi na ataipataje. Bei iandike kwenye posti. Neno "njoo inboksi" linamfanya mtu ahisi kwamba bei itategemea anavyoonekana, na mwenye haraka hapiti hatua ya pili. Andika pia "Dar es Salaam" kwenye jina au maelezo ya ukurasa, taja mitaa unayofika, na zungumza Kiswahili kwenye rili zako, kwa sababu lugha peke yake itaanza kuchuja nani anakuona.

Sasa nije kwenye wale 38, ambao naona ndio kiini cha barua yako. Hao walikuwa wanunuzi. Mtu hajisumbui kuuliza bei ya sabuni kwa kupitisha muda. Walipotea katika sentensi moja, nayo ni "usafiri juu yako". Jiweke katika nafasi ya mteja wa Tegeta. Sabuni ni 4,500, anampigia bodaboda kutoka Tabata anaambiwa 6,000, na jumla inakuwa 10,500 kwa kipande kimoja cha sabuni, wakati kwa Mangi hapo nje atapata ya kiwandani kwa bei isiyofika hata nusu ya hiyo. Hajaona 4,500 yako kuwa ghali; ameona 10,500. Ndiyo maana nakukataza kushusha bei: ukiuza 3,500, mteja yule bado atalipa 9,500, nawe utakuwa umepoteza shilingi 1,000 bure.

Umeeleza kwamba malighafi na kifungashio vinakugharimu kama 2,000 kwa kipande, kwa hiyo faida yako ni 2,500. Acha kumpelekea mtu kipande kimoja. Funga vinne pamoja, vya harufu tofauti ili mteja ajue anachokipenda, na useme bei moja tu: sabuni nne hadi mlangoni kwako, 20,000. Ili hesabu hiyo isikuumize, usipeleke kila siku. Chagua siku mbili kwa wiki na uzipe njia: siku moja njia ya Morogoro Road kuanzia Magomeni hadi Mbezi, siku nyingine njia ya Bagamoyo Road kuanzia Mwenge hadi Tegeta. Ukiwa na wateja wanne kwenye njia moja na ukapatana na bodaboda mmoja kwa 12,000 mzunguko mzima, kila mteja amekugharimu 3,000 ya usafiri. Toa na 8,000 ya kutengenezea vipande vinne, unabaki na 9,000 kwa kila boksi. Mteja wako wa Tegeta sasa analipa 5,000 kwa kipande kilichofika mlangoni, badala ya 10,500. Tahadhari yangu ni kwamba mpango huu unavunjika ukikubali kumpelekea mtu mmoja peke yake kwa sababu ana haraka, maana hapo usafiri unarudi 6,000 na faida inashuka hadi 6,000. Mwenye haraka mwambie aje achukue, au mkutane kituoni siku unayokwenda mjini. Wa mikoani wafungie boksi kubwa zaidi na ulitume kwa basi kutoka Stendi ya Magufuli, na gharama ya basi waijue kabla hawajalipa.

Kabla hujafanya hayo, warudie wale 38, kila mmoja kwa ujumbe wake, umwambie kwamba sasa unapeleka mtaani kwake siku fulani kwa bei hiyo. Kisha hesabu majibu. Ikiwa wengi wataagiza, tatizo lilikuwa usafiri. Ikiwa wataendelea kunyamaza, waulize wawili au watatu kwa upole ni nini kiliwazuia. Mara nyingi utasikia kwamba waliogopa kutuma pesa kwa mtu wasiyemjua, na hofu hiyo ni ya haki katika mji wenye matapeli wa mtandaoni wengi kama huu. Ndani ya Dar es Salaam kubali walipe wakipokea, na tumia Lipa Namba yenye jina linalofanana na la ukurasa wako, si namba ya shemeji. Wanaonunua, wahifadhi kwenye WhatsApp, kwa sababu status yako wataiona asubuhi hata siku ambayo posti yako ya Instagram haikuwafikia.

Liko jambo moja kwenye maelezo ya sabuni yako ya manjano na liwa ambalo limenisumbua, nalo ni ahadi kwamba inang'arisha ngozi na kuondoa madoa ndani ya siku 7. Iondoe leo. Mwanamke makini akisoma hivyo anafikiria mkorogo, na anakimbia. Isitoshe, tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, na ahadi usiyoweza kuithibitisha itakukwamisha siku utakapotaka alama yao. Nenda SIDO ukaulize barua ya utambulisho ya mjasiriamali mdogo kwenda TBS, kwani njia hiyo imewekwa kwa ajili ya watu kama sisi, na maduka mengi yatakuuliza alama kabla ya kukuuliza bei.

Mwisho kwa upande wako, wale wawili wasio ndugu walionunua hawakurudi, nawe hukusema kama umewauliza sababu. Umeandika kwamba sabuni unaiuza baada ya wiki mbili. Sabuni ya kukorogwa bila moto inahitaji wiki nne hadi sita kwenye rafu yenye hewa, maji yatoke na iwe ngumu. Ikiuzwa mapema inayeyuka haraka bafuni na mteja anahesabu kwamba amepunjwa. Chukua kipande kimoja cha kila mchanganyiko, ukipime kila wiki kwenye mizani ya jikoni, na usiuze mpaka uzito uache kushuka. Uzito unaouandika kwenye karatasi uwe huo wa mwisho, maana kipande kilichokuwa gramu 100 siku ya kukatwa hakitabaki 100. Wakati wa masika utaona pia matone kama jasho juu ya sabuni. Hiyo ni gliserini inayovuta unyevu wa hewa, na sabuni haijaharibika, lakini mteja asiyeambiwa atadhani imeoza. Weka kikaratasi kinachosema sabuni ikae kwenye kisahani chenye matundu, mbali na maji ya bomba.

Sasa swali langu kwa wasomaji. Njia nyingine ya kuukwepa usafiri ni kuweka mzigo kwenye saluni na maduka ya vipodozi, mteja aichukue karibu na kwake. Saluni nyingi hapa Sinza na Mwenge zinakubali, lakini kwa mali kauli tu: unaacha sabuni, unalipwa zikiisha. Zinaisha kweli, ila malipo yanacheleweshwa, na anayedai sana anarudishiwa mzigo ukiwa umefifia harufu. Nimeanza kuacha vipande sita tu kwa kila saluni, na siongezi mpaka vile sita vilipwe, lakini wenye saluni wanalalamika kwamba rafu yao inabaki tupu. Je, wenzangu mnaouza bidhaa ndogo za namna hii mnakubaliana nao vipi: kwa karatasi ya makubaliano, kwa kuwaongezea kamisheni wakilipa mapema, au mnawauzia taslimu kwa bei ya jumla na kuwaachia wao hatari yote? Naamini majibu yenu yatamfaa dada wa Tabata kama yatakavyonifaa mimi.

Msomaji wenu,
Mama Sabuni, Sinza, Dar es Salaam