Kwa nini nusu lita ya maziwa ya kakao ni shilingi 90 na ya maziwa meupe ni 40

Jumamosi moja, kijana aliyetoka kukimbia kilomita 35 aliegemea kaunta yetu hapa Iten akiwa bado anatoa mvuke mabegani, akasoma kibandiko cha chupa kwa sauti: maziwa, sukari, kakao. Kisha akaniambia, kwa heshima lakini bila kuficha hasira, "Mama, hapa mnatuibia. Nusu lita ya maziwa ni arobaini, sukari ni vijiko viwili, sasa hiyo hamsini nyingine ni ya nini?" Si wa kwanza kuuliza. Kwa kuwa swali hilo huulizwa kila wiki, na kwa kuwa wengine hawaulizi bali huondoka tu na kwenda kujaribu njia ya mkato, nimeona niandike jibu lote mahali pamoja.

Nianze kwa kukubali alichosema. Ndani ya chupa hakuna kingine zaidi ya vitu hivyo vitatu. Ila kosa ni kudhani kwamba sukari imewekwa kwa ajili ya utamu. Mkimbiaji anapomaliza mbio ndefu, misuli yake imekwisha kutumia sehemu kubwa ya wanga uliohifadhiwa humo, ule unaoitwa glikojeni, na kama ana zoezi jingine saa kumi jioni, ana saa chache tu za kuurudisha. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya uzito kwa kila saa, katika saa nne za kwanza, kwa mtu ambaye zoezi lake la pili liko karibu hivyo. Kijana wangu wa kilo 56 anahitaji, basi, gramu 56 au zaidi katika saa ile ya kwanza.

Nusu lita ya maziwa meupe ina takriban gramu 24 za wanga, ambao ni sukari ya asili ya maziwa, yaani laktosi, pamoja na gramu 16 au 17 za protini. Protini hiyo inatosha vizuri kwa mtu wa uzito wake, lakini wanga haufiki hata nusu ya anaohitaji. Ili aupate kwa maziwa meupe peke yake, itambidi anywe zaidi ya lita moja mara tu baada ya mbio, na tumbo la mtu aliyetoka kupanda miinuko halikubali. Sisi tunatia gramu 50 za sukari na gramu 15 za unga wa kakao katika kila lita, hivyo nusu lita inabeba karibu gramu 50 za wanga na protini ileile. Kakao yenyewe haiponyi misuli. Kazi yake ni kumfanya mtu asiye na hamu ya kula aimalize chupa, na mkimbiaji aliyechoka kweli mara nyingi hana hamu ya kitu chochote.

Wapo wanaouliza kama si afadhali kununua kinywaji cha michezo kutoka dukani. Chupa ya kawaida ya nusu lita ya aina hiyo ina kama gramu 30 za sukari, chumvi kidogo, na haina protini kabisa. Mimi huwaambia wateja wainywe wakiwa njiani, katikati ya mbio, kwa sababu hupita tumboni haraka, na maziwa wakati huo hayafai hata kidogo. Baada ya mbio hali hubadilika. Mwaka 2007 watafiti wa Loughborough, Uingereza, waliwapa watu waliotokwa jasho vinywaji mbalimbali, wakaona kwamba maziwa yenye mafuta kidogo yalibaki mwilini kwa muda mrefu kuliko maji na kuliko kinywaji cha michezo, ambavyo sehemu kubwa iliishia msalani. Maziwa hutoka tumboni polepole, tena yana sodiamu na potasiamu yake yenyewe.

Utafiti ulioyapa maziwa ya kakao jina ulifanywa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, ukachapishwa mwaka 2006. Waendesha baiskeli 9 walichoshwa kwanza, wakapumzika saa nne wakinywa walichopewa, kisha wakaendesha tena hadi wakashindwa. Waliokunywa maziwa ya kakao walidumu kuliko waliokunywa kinywaji cha unga cha bei ghali kilichotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo, lakini hawakuwashinda waliokunywa kinywaji cha kawaida cha michezo. Nasema hivyo mimi muuza maziwa, na niongeze kwamba sekta ya maziwa ilichangia gharama za utafiti huo. Watu tisa ni wachache. Anayekuambia kwamba chupa hii ina nguvu ambazo chakula hakina, anakudanganya, hata akiwa amevaa aproni ya duka langu.

Tena hapa kwetu jambo lenyewe si geni. Watafiti waliopima chakula cha wakimbiaji wa Kenya kambini, matokeo yao yakatolewa mwaka 2004, walikuta zaidi ya robo tatu ya nguvu yao inatokana na wanga, na kwamba baada ya mazoezi walikuwa wakinywa chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Chai hiyo ni ndugu wa chupa yetu. Tofauti ni kwamba nusu ya sufuria huwa maji, hivyo protini hupungua, na mtu huinywa baada ya kufika nyumbani na kuwasha jiko.

Sasa nije kwenye njia za mkato, maana hasara huanzia hapo.

Mwaka juzi vijana wawili waliokuwa wakiishi chumba kimoja walikuwa wakinunua chupa moja kila asubuhi, wanaigawa, kisha wanaongeza maji kila mmoja mpaka kikombe kijae. Rangi ilibaki ya kahawia, utamu ukabaki wa kutosha, wakaamini wamepata chupa mbili kwa bei ya moja. Ukweli ni kwamba kila mmoja alipata gramu 25 za wanga na 8 za protini, na kwa kuwa waliamini wamekwisha kunywa "dawa ya misuli", walikaa bila kula hadi ugali wa saa saba. Kocha wao alikuwa na mizani. Mmoja alipima kilo 56.4 kabla ya mbio na 55.2 baada yake, yaani kilo 1.2 zilizopotea karibu zote zilikuwa maji, ambayo hurudishwa kwa kunywa mara moja na nusu ya hapo, kama lita 1.8, kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Kesho yake asubuhi alipima 55.6. Keshokutwa, 55.3. Jioni miguu ilikuwa mizito, mwendo wa kasi ukamshinda, naye akalaumu viatu. Kocha alipompeleka kwangu, nilimpa chupa nzima isiyoongezwa maji, akanywa na maji pembeni, na saa moja baadaye akapata uji na mkate. Baada ya siku nne mizani ikarudi 56.3. Alikuwa ameokoa shilingi 45 kwa siku na kupoteza karibu wiki mbili za mazoezi.

Njia ya pili ya mkato inanitisha zaidi. Wateja hununua chupa jioni ili wasisimame foleni alfajiri, wanailaza ndani ya begi kwa kuwa usiku wa Iten ni wa baridi, kisha wanaipakia kwenye gari la kocha, ambako inakaa saa mbili nyuma ya kioo jua likiwa limechomoza. Maziwa meupe yakiharibika yanajitangaza, lakini kakao na sukari huficha harufu na rangi, hivyo mtu humeza kabla ya kugundua. Bibi mmoja mkimbiaji aliharisha siku tatu kwa chupa ya namna hiyo, akaja kunidai. Nilimrudishia pesa yake, ingawa kibandiko kilionyesha aliinunua saa kumi na moja jioni ya jana yake. Ukiwa na shaka, tazama kama kifuniko kimevimba, au chemsha vijiko viwili kwenye sufuria ndogo: yakikatika, mwaga yote. Kama lazima uibebe, ibebe ndani ya kisanduku chenye barafu.

Hapo ndipo shilingi 50 zinapokwenda. Maziwa yanapofika asubuhi tunayapima kwa laktomita, na yaliyoongezwa maji tunayarudisha, hata aliyeyaleta akiwa jirani. Tunayapumzisha kwenye ubaridi, tunaengua sehemu ya malai, kwa sababu mafuta mengi hulichelewesha tumbo. Sukari na kakao huchanganywa zikiwa kavu, hutiwa maziwa ya moto kidogo kidogo mpaka uwe uji mzito usio na madonge, ndipo huingia sufuria kubwa. Ukiimwaga kakao moja kwa moja kwenye maziwa baridi inaelea juu, halafu inatuama chini, na mteja wa kwanza anakunywa maziwa matupu huku wa mwisho akitafuna matope. Mchanganyiko huchemshwa, huchujwa, kisha sufuria huwekwa kwenye beseni la barafu na kukorogwa hadi iwe baridi kabisa, ndipo chupa zinajazwa na kuandikwa saa.

Kwa hesabu yangu, nusu lita inanigharimu maziwa ya 40, kakao ya 12, sukari ya 5, chupa ya 12, gesi na barafu ya 8. Hiyo ni 77, na katika 13 zinazobaki kuna mshahara wa msichana anayechuja na chupa zinazomwagwa jioni. Kakao hatulimi sisi, na mwaka 2024 bei yake katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani baada ya mavuno ya Ghana na Kodivaa kuwa mabaya. Sikupandisha bei ya chupa mwaka ule, nilipunguza faida.

Wapo ambao huwa nawakataza kununua. Aliyekimbia polepole dakika 40, na kesho anapumzika, anywe maji na ale chakula chake cha kawaida. Akitaka maziwa, yale meupe ya 40 yanamtosha, na gramu 25 za sukari ya ziada hazina kazi mwilini mwake. Vilevile yule ambaye tumbo lake hunguruma na kujaa gesi ndani ya saa moja au mbili kila anywapo maziwa mabichi au yaliyochemshwa, hata yakiwa salama. Katika jamii za wafugaji wengi wetu humeng'enya laktosi hadi uzeeni, lakini wageni wengi wanaokuja kufanya mazoezi hapa hawawezi, na hawajui mpaka siku ya mbio ndefu. Hao tunawatengenezea mala iliyochanganywa na ndizi mbivu na asali, ambamo sehemu ya laktosi imekwisha kuliwa na bakteria. Nusu lita ni shilingi 80, na iagizwe kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa ndizi hupondwa alfajiri.