Utulivu sio unaoifunga trans-dekalini

Wanangu mnaosoma kemia ogani pale Chiromo,

Nimestaafu, lakini bado naletewa majibu yenu ya mazoezi niyapitie, na kuna moja linalojirudia mpaka linanikera: "Trans-dekalini haigeuki kwa sababu ni tulivu zaidi." Ni kweli ni tulivu zaidi kuliko sis, umbo lake la pili. Lakini hiyo siyo sababu.

Dekalini ni pete mbili za kaboni sita zinazoshiriki bondi moja, na kila pete hukaa kwa umbo la kiti. Chukueni modeli ya mipira na vijiti. Jengeni kiti kimoja cha kaboni sita, kisha mchague kaboni mbili zilizopakana. Hizo ndizo za mpakani, na pete ya pili inaanzia kwenye bondi mbili zinazotoka hapo. Katika trans, haidrojeni za mpakani zimesimama wima, moja juu na nyingine chini, kwa hiyo bondi za pete ya pili zote zimelala pembeni. Ukitazama kwa kufuata bondi ya mpakani, kati yake kuna pembe ya nyuzi 60 hivi, na kaboni mbili zilizobaki zinaziunganisha bila taabu.

Sasa jaribuni kukigeuza kiti cha kwanza. Kiti kinapogeuka, kila bondi ya pembeni huwa wima. Zile mbili zitataka kusimama, moja juu na moja chini, pembe ifikie nyuzi 180. Lakini zinaunganishwa na kaboni mbili tu, na mnyororo mfupi hivyo hauwezi kutoka juu ya pete ukafika chini yake. Msilazimishe, kijiti kitachomoka. Kufuli ni hilo, jambo la umbo tupu.

Kwenye sis, haidrojeni zote mbili ziko upande mmoja. Bondi moja ya pete ya pili ni wima, nyingine ni ya pembeni. Mkigeuza, zinabadilishana nafasi tu na pembe inabaki ile ile ya nyuzi 60, kwa hiyo viti vyote viwili hugeuka pamoja.

Sis ndiyo yenye nishati kubwa zaidi, kwa takriban kilokalori 2.7 kwa moli, kutokana na misongamano mitatu ya goshi, kila mmoja kama 0.9. Ingekuwa utulivu mdogo au mkubwa ndio unaoamua, tofauti hiyo ndogo isingefunga chochote.

Lakini msiandike kwamba trans ni ngumu kama jiwe. Pete yake inaweza kujipinda ikawa mashua, kwa gharama ya nishati. Isichoweza ni kufika kwenye kiti cha pili.

Mkitaka ushahidi, tazameni NMR ya kaboni. Kwenye joto la kawaida zote mbili hutoa mistari mitatu. Ipozeni sis vya kutosha, kugeuka kupungue kasi, na mistari inakuwa mitano. Trans mnaweza kuipoza mpendavyo. Itabaki na mitatu yake.