Msiiachie kompyuta ikisie majina ya watu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niseme na wenzangu wanaotayarisha mialiko, vyeti na barua za mikutano ya kikanda. Kazi hiyo naifanya hapa Arusha, na bahasha zinazopita mezani kwangu, zinazoingia na zinazotoka, zina ugonjwa mmoja: mtu anaandikiwa kwa jina la babu yake. Mgeni anaitwa Juma, baba yake Salum, babu yake Mbwana. Barua inaanza, “Mpendwa Bw. Mbwana”. Mzee Mbwana alishazikwa miaka mingi iliyopita.

Hakuna aliyekusudia kumdharau mtu. Jedwali lilikuja na safu mbili, `First Name` na `Last Name`, na barua ikaamriwa iandike cheo kisha neno la mwisho. Kanuni hiyo imetoka kwa watu ambao kweli wana jina la ukoo, nalo linakaa mwisho. Sisi tumeipokea pamoja na programu, kisha tunaitumia kwa watu wa namna nyingine kabisa.

Tuijaribu hapa nyumbani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi wanachama 8. Chukueni marais wake, watu ambao majina yao hayana siri, muandike “Rais” na neno la mwisho.

Kenya inatoka salama: William Samoei Ruto, Rais Ruto. Uganda nayo: Yoweri Kaguta Museveni anakuwa Rais Museveni, ingawa hapo jina la baba, Kaguta, limekaa katikati na lake mwenyewe likaja mwisho, kinyume kabisa na tulivyozoea Tanzania. Rwanda, Rais Kagame. Burundi, Rais Ndayishimiye. Hizo nne zimepita. Angalizo moja tu: Rwanda na Burundi jina la namna hiyo kwa desturi anapewa mtoto mwenyewe, si la ukoo, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa. Kwa hiyo mwaliko wa “Familia ya Ndayishimiye” unaweza kufika kwenye nyumba ambayo mwenye jina hilo ni mmoja tu.

Sasa zile zinazoanguka. Tanzania ni Samia Suluhu Hassan, ambapo Suluhu ni baba na Hassan ni babu. Kanuni inatoa “Rais Hassan”, na vyombo vya habari vya nje vimeandika hivyo mara nyingi, wakati nchini kila mtu anasema Rais Samia. Wala msikimbilie kusema Watanzania tuitwe kwa jina la kwanza basi, maana waliomtangulia walikuwa Rais Mwinyi, Rais Mkapa, Rais Kikwete na Rais Magufuli, wote kwa neno la mwisho. Hata ndani ya nchi moja, kwenye cheo kilekile, kanuni haipatikani. Jina linalotumika ni lile ambalo mwenyewe na watu wake wamezoea.

Sudan Kusini ni Salva Kiir Mayardit. Kompyuta itaandika “Rais Mayardit”, na msomaji atajiuliza huyo ni nani, kwa sababu anamjua Rais Kiir. Kongo ni Félix Tshisekedi Tshilombo, na kompyuta itamwita “Rais Tshilombo”. Wakongo fomu zao zina nafasi tatu, si mbili: jina, jina la nyongeza linalofuata, na jina la ubatizo. Hilo la nyongeza lilishika mizizi mwaka 1972, Mobutu alipoagiza watu waache majina ya Kizungu, yeye mwenyewe akaacha kuwa Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Mkongo akijaza fomu yetu ya nafasi mbili, la nyongeza analibana popote penye upenyo, na mara nyingi linaishia mwisho, mahali ambapo programu inategemea kukuta jina la ukoo.

Somalia ni Hassan Sheikh Mohamud, na hapa mtego ni mwingine. Ofisi nyingi siku hizi zina zoezi la “kusafisha” orodha: kila palipo na Dkt., Alhaji, Padre au Sheikh, cheo kinafutwa kwenye jina na kuhamishiwa safu ya vyeo. Lakini Sheikh ya hapo ni sehemu ya jina la baba. Ukiifuta umembakisha Hassan Mohamud, na ukiihamisha umempa usheikh ambao ni wa mzazi wake. Nyumbani kwao wanasema Hassan Sheikh, basi.

Marais 8, waliopatiwa 4. Hao ni watu ambao karani yeyote angeweza kuwaangalia gazetini. Sembuse wajumbe 600 wa mkutano wa wahasibu!

Wageni wa mbali wanaongeza yao. Xi Jinping anaanza na jina la ukoo, ndiyo maana ni Rais Xi. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, anaitwa Dkt. Tedros, kwani kwa desturi ya kwao yanayofuata ni majina ya wazee wake. Na U Thant, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa hadi 1971, jina lake lilikuwa Thant tu, na hiyo U ni heshima ya Kiburma, kama sisi tunavyosema Bwana. Programu ingeiona kuwa ni herufi ya kwanza ya jina, ikaiwekea nukta.

Kabla ya kufika kwenye dawa, niseme orodha zinaharibikia wapi, kwa sababu mara nyingi mwenye jina alilijaza vizuri. Kubwa ni orodha inayotoka kwa wakala wa tiketi. Kwenye tiketi jina huandikwa kwa herufi kubwa, la mwisho likitangulia, na cheo kinagandishwa mwishoni bila nafasi: `SALUM/ASHAMRS`. Karani akinakili hivyo, barua inatoka “Mpendwa Ashamrs”. Mimi nimeishika mkononi barua ya namna hiyo, imesainiwa na mkurugenzi na kupigwa muhuri. Kisha karani huyohuyo, akitaka kuondoa herufi kubwa, anatumia amri ya `PROPER`, ambayo inakuza kila herufi inayofuata alama isiyo herufi. Kwa Ng'ang'a inatoa “Ng'Ang'A”. Kwa arap Moi inatoa “Arap Moi”. Ukiona ritifaa imefuatwa na herufi kubwa kwenye bahasha, ujue jina halikusomwa na macho ya mtu.

Na kuna kukisia jinsia. Jean wa Bujumbura ni mwanamume, lakini programu iliyofundishwa majina ya Kiingereza itampa “Bi.” Amani, Furaha na Baraka siwezi kuwakisia hata mimi niliyezaliwa nao mtaa mmoja.

Dawa yenyewe haina ufundi mkubwa, ila lazima ianze kwenye fomu. Futeni maswali ya jina la kwanza na la mwisho. Ulizeni mambo mawili: “Jina lako kamili, kama unavyoliandika mwenyewe”, na “Tukianza barua, tukuiteje?” Hilo la pili wekeni mifano miwili mitatu chini yake, kama Dkt. Asha, Bw. Otieno, Mhandisi Salum, la sivyo wengine watajibu “Bw.” peke yake na wengine “vizuri”. Majibu yanaingia kwenye safu yake na barua inayanakili kama yalivyo. Kompyuta haiundi salamu, inaibeba tu.

Aliyeacha swali la pili wazi aandikiwe jina lake kamili. Kama jina kamili liko safu A na namna ya kuitwa iko safu C, basi safu ya salamu ijazwe hivi:

```
=IF(TRIM(C2)="",A2,C2)
```

Hiyo `TRIM` msiiache, maana wako wanaobonyeza nafasi moja kwenye kisanduku na kusonga mbele. Macho yanakiona kitupu, kompyuta inaona kimejazwa, na barua inatoka “Mpendwa” halafu koma.

Cheo kiwe na safu yake kwa ajili ya bahasha na kibao cha mezani, na kando yake tarehe kilipothibitishwa, kwani mbunge wa mwaka jana huenda leo si mbunge, na Dkt. wa juzi leo ni Profesa. Lakini msiunganishe cheo na jina kwa kanuni. Hayati Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, watu walimwita Maalim Seif. Hakuna mashine ingeitoa “Maalim Seif” kwenye safu zenye Mheshimiwa na Hamad. Vilevile msiandike “Bw. na Bi. Mbwana” kwa mazoea. Mke Mwislamu wa pwani kwa kawaida amebaki na jina la baba yake, na kumpa la mume, tena ambalo ni la babu wa mume, ni kumbatiza upya. Andikeni majina mawili kamili, mistari miwili.

Siku moja kabla ya kutuma, panga safu ya salamu kwa alfabeti uisome yote kwa macho. Yaliyo herufi kubwa tupu, yanayoishia na MR au MRS, na yenye neno moja la herufi mbili yatajionyesha yenyewe. Kisha mpe mtu wa kila nchi ukurasa wa watu wa kwao apitishe kalamu. Mwenzetu kutoka Goma huwa ananirudishia wa kwake kabla chai haijapoa, umejaa alama nyekundu.

Najua jibu litakalokuja: orodha yetu ni ya zamani, ina majina 3,000, hatuwezi kuwauliza wote. Sawa, msiwaulize wote. Wapangeni kwa umuhimu wa barua. Wanaopewa tuzo, wasemaji na wageni rasmi wapigiwe simu, nao hawafiki hata 50 katika mikutano mingi. Waliobaki waandikieni jina lao lote jinsi lilivyo kwenye kumbukumbu, bila Bw. wala Bi., na chini ya barua wekeni mstari mmoja unaowaomba watutumie namna wanavyopenda kuitwa. Watakaojibu, jibu lao liingizwe siku hiyohiyo kwenye orodha kuu, si kwenye nakala ya mkutano huo tu, la sivyo mwakani mtawauliza tena.

Karani wa orodha za mikutano,
Arusha