Pakiti zote zimefika, mbona sauti inakatika?

Mteja wetu mmoja, kampuni ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, alitupigia akilalamika kwamba kila ikifika saa kumi jioni simu zao za intaneti zinameza maneno. Fundi wao alipima kwa `ping` na hakuona pakiti hata moja iliyopotea. Basi kosa likawa letu.

Sauti husafiri vipande vipande: pakiti 50 kila sekunde, kila moja na milisekunde 20 za maneno. Huondoka kwa mpangilio, lakini njiani nyingine huchelewa kuliko wenzake. Kuyumba huko ndiko jita. Simu huziweka pakiti kidogo kwenye bafa, hifadhi ya muda, kabla ya kuzicheza. Kwa mteja huyu ilikuwa milisekunde 40. Inayochelewa kupita hapo hutupwa, maana zamu yake imeshapita. Kwa `ping` imefika, kwa sikio imepotea. Ripoti ya simu zenyewe ilisema hivyo hivyo: zilizopotea njiani 0%, zilizotupwa 5%.

Mteja akataka tuhamie kodeki nyepesi, yaani njia ya kufunga sauti kwa biti chache zaidi, tuache G.711 ya kilobiti 64 kwa sekunde na kutumia G.729A ya kilobiti 8. Tulimwomba kwanza tupige hesabu ya MOS, alama ya ubora ya 1 hadi 5. Mfumo haumuulizi msikilizaji. Huanza na alama ya ubora wa laini, R, ya 93.2, hukata alama kwa ajili ya kodeki, pakiti zilizokosekana na ucheleweshaji, kisha hugeuza:

```
MOS = 1 + 0.035*R + R*(R-60)*(100-R)*0.000007
```

Tukiweka ucheleweshaji kando, G.711 inayoziba mapengo hupoteza alama 16 hivi kwa upungufu wa 5%, na MOS inakuwa 3.9. G.729A hukatwa 11 hata pakiti zote zikifika. Kwa 5% makato yanafika 28 na zaidi, MOS inashuka hadi 3.3. Na hapo tumechukulia pakiti zinakosekana hapa na pale. Zao zilitupwa mfululizo, ndiyo maana neno zima lilikuwa linatoweka.

Tena upana wa laini haukuwa tatizo la simu: simu sita za G.711 hula karibu nusu megabiti tu. Mla laini alikuwa rekoda ya kamera za ulinzi, iliyopangiwa kupandisha video mtandaoni saa kumi hiyo hiyo na kujaza foleni ya ruta. Tuliipa kikomo cha megabiti 6 kati ya 10 za kupandisha, tukatanguliza pakiti za sauti. Kodeki hatukuigusa. Jioni ile zilizotupwa zikarudi 0%, MOS 4.4.

Ila simu ya mhasibu iliendelea kukwaruza, na skrini ikampa 4.4 vilevile. Waya wa hedseti yake ulikuwa umechunika.